Maharagwe Yakiwa Manjano: Tuongeze Chokaa au Tuache?

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia kwenye semina ya kilimo ya parokia



Leo hatukuja na mambo mengi. Tumekuja na jani la maharagwe. Jani hili limekuwa manjano, na kikundi kinataka kukopa pesa kikanunue chokaa. Swali letu ni moja: chokaa hiyo itaponya au itaua? Maana kuna magonjwa mawili ya udongo yanayotokana na kitu kimoja kinachoitwa manganizi. Moja ni manganizi kuzidi mpaka ikawa sumu. La pili ni manganizi kukosekana. Yote mawili hufanya majani yawe manjano. Lakini dawa ya la kwanza ndiyo inayoleta la pili. Ndiyo sababu tusipotazama vizuri tunaweza kutumia pesa za kikundi kununua hasara.

Kwanza tuelewe manganizi ni kitu gani. Ni madini yaliyomo ndani ya udongo, na mmea huyahitaji kidogo sana ili jani liwe kijani na lifanye kazi yake. Udongo mwekundu wa mfinyanzi huwa nayo mengi. Lakini kuwemo udongoni si kuliwa na mmea. Udongo ukiwa mkavu kiasi, wenye hewa, na usiwe mchachu, manganizi hugeuka kuwa kama kutu nyeusi isiyoyeyuka, na mizizi haiwezi kuinywa. Udongo ukiwa mchachu, au maji yakituama na kufukuza hewa, ile kutu huyeyuka na mizizi huinywa hata kama haitaki. Kwa hivyo uchachu na maji hufungua mlango wa manganizi. Chokaa na hewa huufunga.

Uchachu wa udongo hupimwa kwa kipimo kinachoitwa pH. Saba ni katikati. Namba ikishuka chini ya saba, uchachu unapanda. Maharagwe hupenda udongo wa kama 5.8 hadi 6.5. Ukishuka chini ya 5.5, kwenye udongo wenye manganizi mengi, sumu huanza kuonekana. Kwenye udongo wa mchanga, ukipita 6.5 kwa sababu ya chokaa, njaa ya manganizi inaweza kuanza.

Sasa tuwaeleze habari ya kikundi kimoja cha upande wa Vihiga. Jina tunaliacha. Kina wanachama 18. Wanachama 11 wanalima upande wa udongo mwekundu wa mfinyanzi. Saba wako ng'ambo ya kilima, penye yale mawe makubwa yaliyobebana, na udongo wao ni mchanga. Ni mwendo wa nusu saa tu, lakini udongo ni mwingine kabisa.

Mwaka 2022, mama mmoja wa upande wa udongo mwekundu alipata shida na maharagwe yake. Majani machanga yalijikunyata, yakajikunja kama kikombe, na kingo zake zikawa manjano. Majani ya zamani yalitokea madoadoa ya rangi ya kahawia iliyoiva, mengine yakifuata mishipa ya jani na kikonyo. Jirani zake walisema ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na vidukari, na wakamshauri ang'oe yote. Tulipozunguka shamba pamoja naye tuliona mambo matatu. Ugonjwa haukuwa umetawanyika mche mmoja huku na mwingine kule, kama virusi vinavyofanya mara nyingi. Ulikuwa umejaa sehemu ya chini ambapo maji hutuama. Ulizidi baada ya wiki ya mvua kubwa. Na mahindi yaliyokuwa kando yake hayakuwa na dalili hizo, kwa kuwa mahindi huvumilia manganizi kuliko maharagwe. Tukamwuliza mbolea anayotumia. Akasema, "DAP, kila msimu, tangu niolewe." Mbolea hiyo huongeza uchachu pole pole mwaka hadi mwaka. Udongo ulipopimwa, pH ilikuwa 4.9. Basi hiyo ilikuwa sumu ya manganizi.

Hapa tuwe wakweli. Maharagwe ya msimu huo hayakuwa na dawa ya kupuliza ya kuyaponya. Manganizi ikishaingia kwenye jani haitoki. Kilichowezekana ni kuchimba mfereji ili maji yatoke, na majani mapya yaliyofuata yalikuwa na nafuu kidogo. Dawa yenyewe ilikuwa ya msimu uliofuata. Mama huyo alitia chokaa ya kilimo kwa kiasi cha kilo 800 kwa ekari, yaani magunia 16 ya kilo 50. Kwa vile kipande chake kilikuwa robo ekari, alitumia magunia manne. Aliimwaga mwezi mmoja na zaidi kabla ya kupanda, udongo ukiwa na unyevu, akaichanganya kwa jembe mpaka kina cha kama shubiri moja. Alipanda juu ya matuta. Akaacha DAP, akatumia TSP wakati wa kupanda. Samadi aliyoweka ilikuwa imeoza vizuri, kwa sababu samadi mbichi ikiwa mahali penye maji hula hewa ya udongo na kuyeyusha manganizi zaidi. Majani yalitoka yamenyooka. Kijiji kizima kilikwenda kutazama.

Na hapo ndipo mambo ya upande wa pili yalipoanzia. Wale saba wa udongo wa mchanga waliona mafanikio ya mwenzao, nao wakanunua chokaa kwa kiasi kile kile, magunia manne kwa robo ekari. Hawakupima udongo. Msimu wa kwanza haukuwa mbaya. Msimu uliofuata, mvua ndefu za 2023, wakarudia magunia manne mengine, na juu yake wakamwaga majivu ya jikoni. Wiki ya nne baada ya kupanda, maharagwe yakawa manjano. Katika mkutano, mama mmoja akasema, "Hii ni ile ile ya mwaka jana ya mama wa ng'ambo. Chokaa haijatosha." Wakakubaliana kuchukua mkopo kwenye sanduku la kikundi, wanunue magunia 28, manne kwa kila mmoja. Mweka hazina ndiye aliyesema, "Ngojeni kwanza. Wacha tuite watu watazame."

Ndugu, mweka hazina kama huyo ni wa kushukuru. Tulifika, tukafuata hatua ambazo tunaomba kila kikundi kizijue.

Hatua ya kwanza ni kutazama jani lenyewe. Je, limekunjamana? Hapana. Lilikuwa limelala tambarare, umbo lake la kawaida. Manjano yalikuwa katikati ya mishipa, lakini mishipa yenyewe ilibaki kijani, kama wavu wa kijani juu ya kitambaa cha manjano. Ilionekana zaidi kwenye majani machanga na ya katikati. Kwenye mimea iliyozidiwa, vidoadoa vidogo vya kahawia vilianza kutokea katikati ya mishipa. Ingekuwa ni kukosa naitrojeni, majani ya chini kabisa ndiyo yangetangulia kuwa manjano, na yangekuwa manjano yote, mishipa pia. Ingekuwa sumu ya manganizi, tungeona kujikunyata na yale madoa kwenye majani ya zamani.

Hatua ya pili ni kutazama shamba, na hapa tuliona kitu ambacho kinafaa kukumbukwa kuliko vingine. Katikati ya shamba moja palikuwa na kinjia ambacho watoto hupita wakienda kuteka maji. Maharagwe ya kando ya kinjia, pale udongo ulipokanyagwa ukashikana, yalikuwa kijani. Ya mbali na kinjia, kwenye mchanga uliolegea, yalikuwa manjano. Udongo ukikanyagwa hewa hupungua, na mlango wa manganizi hufunguka kidogo. Kwa hivyo mimea iliyokuwa na njaa ilipata kushiba pale. Ingekuwa ni sumu, mambo yangekuwa kinyume: penye kukanyagwa na penye maji ndipo pangekuwa pabaya zaidi. Mwulizeni njia, naye atawajibu. Pia tuliona mahali ambapo magunia ya chokaa yalikuwa yameshushwa na unga ukamwagika. Hapo manjano yalikuwa makali kabisa.

Hatua ya tatu ni kuuliza historia. Nini kilitiwa, kiasi gani, mara ngapi? Magunia manane ndani ya robo ekari kwa misimu miwili ni sawa na magunia 32 kwa ekari moja, na majivu juu yake. Majivu ya kuni nayo hufanya kazi kama chokaa, watu husahau hilo. Tulidondosha siki juu ya udongo mkavu. Mahali chokaa ilipomwagika povu lilitoka. Povu likitoka, jueni chokaa bado imo, hakuna haja ya nyingine. Lakini lisipotoka, msiseme chokaa haimo, maana ikiwa kidogo siki haionyeshi.

Hatua ya nne ni kupima udongo. Kikundi kilichanga pesa kidogo, wakachukua udongo kutoka sehemu 15 za shamba moja, kina cha shubiri, wakauchanganya ndani ya ndoo safi, wakatoa nusu kilo na kuupeleka maabara ya KALRO kule Kabete. Majibu yalikuja pH 7.1. Mtaona basi, mama wa udongo mwekundu alikuwa 4.9 kabla ya chokaa, na hawa walikuwa 7.1 baada ya chokaa. Jani manjano huku, jani manjano kule, lakini hawa walikuwa upande mwingine wa mto.

Mtu aliuliza, "Mbona chokaa kiasi kile kile kilimfaa yeye kikatuharibia sisi?" Ni swali zuri. Chukueni kijiko kimoja cha sukari, mtie kwenye sufuria kubwa ya uji. Hamtasikia utamu. Tieni kijiko hicho hicho kwenye kikombe kimoja cha chai, utamu mtausikia. Udongo wa mfinyanzi ni sufuria, una uwezo mkubwa wa kushikilia uchachu wake. Mchanga ni kikombe. Chokaa kidogo hupandisha pH yake haraka. Tena mchanga mara nyingi hauna akiba kubwa ya manganizi, kwa hivyo kile kidogo kilichomo kikifungiwa, mmea hubaki na njaa.

Hatua ya tano ni jaribio la kuthibitisha, na hili msiliruke. Mchanga uliozidishiwa chokaa unaweza kukosa chuma au zinki pia, na macho peke yake hudanganyika. Ikiwa ni chuma kimekosekana, majani machanga kabisa hupauka sana, karibu meupe, na vile vidoadoa huwa haviko. Lakini dalili zinaweza kuchanganyika. Basi tulichagua mistari miwili ya maharagwe, tukaweka vijiti. Mstari mmoja ulipuliziwa maji matupu. Wa pili ulipuliziwa maji yaliyotiwa manganizi salfeti, gramu 5 kwa lita moja, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Tuliacha. Baada ya siku 10, majani mapya ya mstari wa manganizi yalikuwa kijani, na ya mstari wa maji yalibaki manjano. Hapo hapakuwa na ubishi tena. Magunia 28 hayakununuliwa.

Haya, dawa. Kwa njaa ya manganizi kwenye mchanga uliotiwa chokaa, dawa ya haraka ni kupuliza majani. Gramu 100 za manganizi salfeti kwenye pampu ya lita 20 ya maji safi. Msizidishe mkidhani itaponya upesi, kwa sababu majani yataungua. Pulizeni mimea michache kwanza, mkae siku mbili mtazame. Kisha pulizeni shamba asubuhi mapema au jioni, jua likiwa si kali, mpaka majani yalowe. Rudieni baada ya wiki mbili, na mara ya tatu ikiwa majani mapya bado yana manjano. Manganizi haisafiri vizuri kutoka jani la zamani kwenda jani jipya, ndiyo sababu mara moja haitoshi.

Wengine watauliza kama ni rahisi zaidi kuimwaga tu udongoni. Kwenye udongo wa namna hii ni kupoteza. Chokaa iliyomo itaifunga kama ilivyofunga ile ya kwanza. Ila mnaweza kusaidia udongo wenyewe: acheni chokaa na majivu kabisa kwenye kipande hicho, na badala ya CAN, ambayo ina chokaa ndani yake, tumieni salfeti ya amonia kwa kupalilia mahindi, mkiitia kwenye mstari. Mbolea hii huleta uchachu kidogo karibu na mizizi. Ile mbolea inayodhuru upande wa udongo mwekundu ndiyo aina inayosaidia upande wa mchanga uliozidishiwa chokaa. Baada ya misimu kadhaa mchanga utashuka wenyewe. Msikimbilie kutia chokaa tena bila kupima.

Jambo moja la dukani. Kwenye paketi za mbolea za majani mtaona herufi. Manganizi huandikwa Mn. Kuna nyingine inayoitwa magnesiamu, nayo huandikwa Mg. Majina yanafanana na unga wake wote unaweza kuyeyuka kwenye maji, lakini ni vitu viwili mbalimbali. Mwanachama mmoja wa kikundi hicho alirudi kutoka sokoni na Mg, na ilikuwa bahati kwamba katibu alisoma paketi kabla ya kuifungua. Mtakayemtuma dukani, mwandikieni Mn kwenye karatasi.

Na wale wenye sumu ya manganizi na hawana pesa za chokaa ya shamba zima? Msikate tamaa. Fungueni maji yatoke kwanza, maana mfereji hauna bei ila jasho. Halafu tengeni sehemu ndogo ya maharagwe, mtie chokaa hapo peke yake, na sehemu nyingine mpande mahindi au nepia. Kwa kujaribu, pimeni ukanda wa mita 2 kwa mita 5. Kwenye udongo mwekundu wenye pH chini ya 5.5, ukanda huo huchukua kilo 2 za chokaa, sawa na ule mpango wa kilo 800 kwa ekari. Kando yake acheni ukanda mwingine bila chokaa. Kwenye mchanga, hata pH ikiwa chini, anzeni na kilo 1, na mpime tena kabla ya kuongeza. Iwe chokaa ya kilimo, si ile ya kupaka nyumba, ambayo ni kali na huunguza ngozi na macho. Funikeni pua na kitambaa mnapomwaga. Na msichanganye chokaa na samadi au mbolea siku moja, kwa sababu naitrojeni itatoka ipotee hewani.

Ndugu zetu, mkirudi nyumbani tunaomba mfanye kazi hii kabla ya mkutano ujao. Kila kikundi kigawe wanachama wake kwenye karatasi: nani yuko kwenye mfinyanzi mwekundu na nani yuko kwenye mchanga. Mbele ya kila jina mwandike chokaa na majivu aliyotia tangu 2022, na mbolea anayotumia. Karatasi hiyo ndiyo mweka hazina ataisoma kabla ya kutoa mkopo wowote wa chokaa. Asiyejua pH ya shamba lake, mkopo wake wa kwanza uwe ni wa kupima udongo.

Kikundi cha Vihiga sasa kina kanuni hiyo kwenye daftari lao. Wale saba walivuna maharagwe msimu ule ule. Si kama ya jirani wa ng'ambo, kwa sababu wiki za mwanzo zilikuwa zimepotea, lakini walivuna, na sanduku lao halikuwa na deni. Mungu awabariki. Sasa tupitishe haya majani mkononi, na kila mtu aseme anaona nini.